Kiti cha Patriaki kilichogawanywa pamoja na nyara

Mwezi Machi 1204, wiki chache kabla ya kuuvamia mji wa Konstantinopoli, viongozi wa Vita vya Nne vya Msalaba waliandikiana mkataba. Walikuwa wamepiga kambi ng'ambo ya ghuba ya Pembe ya Dhahabu, na mji waliouzungumzia walikuwa wakiuona kwa macho. Upande mmoja walikuwa Wafaranka, yaani mabwana na mashujaa wa farasi kutoka Ufaransa, Flandasi na kaskazini mwa Italia. Upande wa pili walikuwa Wavenesia, wenye meli. Walikubaliana namna ya kugawana dhahabu, fedha na nguo za hariri, na namna ya kugawana ardhi ya dola ya Bizanti. Walikubaliana pia kwamba wapiga kura 12, sita kwa sita, watamchagua Kaisari mpya, na kwamba upande utakaokosa ukaisari utapata Kanisa Kuu la Hagia Sofia na haki ya kumchagua patriaki. Mali ya makanisa nayo ilipangiwa fungu: mapadri watengewe kiasi cha kuwatosha kuishi kwa heshima, na kilichobaki kiingizwe kwenye mgawo.

Siku mkataba huo ulipotiwa saini, Patriaki wa Konstantinopoli alikuwepo. Aliitwa Yohane wa Kumi Kamateros, alikuwa mzima, ndani ya mji, na alikuwa akikalia kiti hicho hicho.

Watu wengi wanaolijua tukio la 1204 wanajua habari za uporaji. Nami nitaueleza, kwa sababu haukuwa mdogo. Lakini nikisoma yaliyofuata kwa miaka 70, naona kwamba moto na wizi peke yake visingetosha kuyatenganisha makanisa mawili kwa karne nane. Miji ya Wakristo ilikuwa ikiporwa na Wakristo wenzao mara kwa mara katika zama zile, na watu walikuja kupatana. Kilichofanya jeraha hili lisifunge ni kipengele kile cha mkataba kuhusu kiti cha patriaki, pamoja na uamuzi wa Roma wa kukikubali baada ya kuulaani uporaji wenyewe.

Ni vizuri kwanza kuelewa hali ilivyokuwa kabla. Kanisa la kale lilikuwa na viti vitano vikuu: Roma, Konstantinopoli, Aleksandria, Antiokia na Yerusalemu. Hicho cha Aleksandria ndicho ambacho hadi leo Waorthodoksi wa Uganda, Kenya na Tanzania wako chini yake. Vitabu vya shule husema kwamba Roma na Konstantinopoli zilitengana mwaka 1054, pale Kardinali Humberti, mjumbe wa Papa, alipoiweka hati ya kumtenga Patriaki Mikaeli Kerularios juu ya altare ya Hagia Sofia. Patriaki naye akajibu kwa kuwatenga wajumbe hao. Mabishano yalikuwa ya kweli. Walatini waliongeza katika kanuni ya imani neno la kwamba Roho Mtakatifu anatoka kwa Baba na Mwana, ambalo Wagiriki hawakuwa nalo. Walatini walitumia mkate usiotiwa chachu katika misa, Wagiriki wakitumia uliochachuka. Na Roma ilidai mamlaka juu ya maaskofu wote, ilhali Wagiriki walimpa Papa heshima ya mkubwa kati ya ndugu, si ya bwana mwenye kuamuru.

Hata hivyo hati za 1054 ziliwagusa watu wachache waliotajwa humo. Mkristo wa kawaida hakuamka asubuhi akaambiwa kwamba Kanisa limekuwa mawili. Mapapa na makaisari waliendelea kuandikiana barua, mahujaji wa Kilatini waliendelea kupita Konstantinopoli, na wafanyabiashara wa Italia walikuwa na mitaa yao na makanisa yao ndani ya mji. Chuki ilikuwepo na ilikuwa ikikua, na haki inatutaka tuseme kwamba haikuwa ya upande mmoja. Mwaka 1182 watu wa Konstantinopoli waliwashambulia Walatini waliokaa mjini, wakaua kwa maelfu bila kubagua wanawake wala wagonjwa, na mjumbe wa Papa aliyekuwepo akakatwa kichwa. Miaka mitatu baadaye Wanormani wa Sisilia waliuteka mji wa Thesalonike na kuulipiza kwa ukatili uleule. Lakini hata baada ya damu hiyo, Wagiriki bado walikuwa na patriaki wao, na Papa bado alizungumza naye kama mtu mwenye cheo.

Jeshi la msalaba lilifika vipi mbele ya mji wa Kikristo? Jibu fupi ni deni. Mwaka 1201 wajumbe wa Wafaranka, mmoja wao Geofri wa Vilardwini ambaye baadaye aliiandika historia ya safari hiyo, walikubaliana na Venesia iwajengee meli za kuwabeba watu 33,500 na farasi 4,500 kwa marki 85,000 za fedha. Mwaka uliofuata, watu waliojitokeza walikuwa kama theluthi tu ya idadi hiyo. Meli zilikuwa tayari, lakini waliokusanyika walishindwa kulipa, wakabaki wakidaiwa marki 34,000. Enriko Dandolo, mtawala wa Venesia, mzee aliyekuwa kipofu, akawapa njia: waisaidie Venesia kuutwaa mji wa Zara, na deni litasubiri. Zara ulikuwa mji wa Wakatoliki chini ya mfalme wa Hungaria, ambaye mwenyewe alikuwa ameapa kwenda vitani chini ya msalaba. Papa Inosenti wa Tatu alikataza. Wakautwaa mwezi Novemba 1202, naye akawatenga na Kanisa.

Wakiwa bado na deni na njaa, akawatokea kijana Aleksios, mwana wa Kaisari Isaka wa Pili aliyepinduliwa na kupofushwa na ndugu yake. Aliwaahidi marki 200,000 na askari 10,000 kwa ajili ya Nchi Takatifu, na kuliweka Kanisa la Wagiriki chini ya Roma, mradi wamrudishie baba yake kiti. Papa aliwakataza kuigusa nchi ya Wagiriki, lakini jeshi lilikuwa limeshasonga. Julai 1203 walimrudisha. Kijana akatawazwa kuwa Kaisari Aleksios wa Nne, akaanza kuyeyusha vyombo vya fedha vya makanisa na mapambo ya sanamu takatifu ili alipe, akaishia njiani. Wananchi walimchukia kwa kuyavua makanisa, na wageni walimchukia kwa kutomaliza deni. Mapema 1204 alipinduliwa na kunyongwa na Aleksios Dukas, aliyejulikana kwa nyusi zake nzito zilizokutana. Hapo ndipo ule mkataba wa Machi ulipoandikwa.

Shambulio la kwanza, tarehe 9 Aprili, lilishindwa, na askari wakaanza kujiuliza kama Mungu yuko upande wao. Jumapili ya tarehe 11 maaskofu waliofuatana na jeshi walihubiri kambini. Waliwaambia kwamba vita hivi ni vya haki, kwa kuwa Wagiriki wamemuua bwana wao na wamejitenga na utii wa Roma, na kwamba atakayekufa humo atapata msamaha uleule wa dhambi unaotolewa kwa anayekwenda Yerusalemu. Mahubiri hayo ni ya kuzingatia. Deni lilikuwa limeshageuzwa kuwa jambo la imani, kwa vinywa vya maaskofu wenyewe. Kesho yake, Jumatatu, meli zilizofungwa mbilimbili zilisukumwa na upepo hadi kwenye minara, na mji ukaingiwa. Kamateros akakimbia na wengine. Tarehe 13 uporaji ulianza, ukaendelea siku tatu, siku chache kabla ya Jumapili ya Matawi.

Shahidi mkubwa wa upande wa Wagiriki ni Niketas Koniates, aliyekuwa na cheo cha juu serikalini. Nyumba yake nzuri ilikuwa imeungua katika moto wa Agosti 1203 uliowashwa na watu wa upande wa Walatini, naye alikuwa akiishi katika nyumba ndogo karibu na Hagia Sofia. Aliokolewa na rafiki yake, mfanyabiashara wa mvinyo wa Kivenesia, aliyevaa silaha na kusimama mlangoni akijifanya yeye ndiye ameshaiteka nyumba hiyo. Mbinu ilipoelekea kugundulika, aliwaongoza Niketas na familia yake nje kana kwamba ni mateka wake. Mke wa Niketas alikuwa mjamzito. Wasichana walipakwa tope usoni ili wasitamanike. Njiani askari mmoja akamnyakua binti wa jaji mmoja mzee. Niketas aliwakimbilia askari wengine wa Kilatini, akawaomba kwa ishara na kwa maneno machache ya lugha yao, akiwakumbusha amri waliyoapa ya kutowagusa wanawake, mpaka baadhi yao wakaingia na kumrudisha binti yule. Naona ni vizuri kisa hiki kisisahauliwe, kwa sababu ndani yake mna Mlatini aliyeokoa na Walatini waliotii kiapo, katikati ya wengi walioteka.

Kuhusu Hagia Sofia, Niketas anasimulia kwamba altare iliyopambwa kwa vito ilivunjwa vipande ikagawanywa, kwamba nyumbu waliingizwa ndani kubeba vyombo na wengine wakateleza kwenye sakafu laini, na kwamba kahaba aliketishwa kwenye kiti cha patriaki akaimba. Anasema wazi kwamba Waislamu walipouteka Yerusalemu waliwatendea Walatini kwa huruma kuliko Walatini walivyowatendea Wakristo wenzao.

Inawezekana msomaji akadhani ni maneno ya mtu mwenye uchungu tu. Basi na tumsikilize mtu wa upande wa pili. Gunteri, mtawa wa monasteri ya Pairis huko Alsasi, aliandika kwa kujivuna jinsi abate wake, Martini, alivyokwenda kwenye kanisa la Pantokrator kutafuta masalia ya watakatifu. Alimkuta padri mzee mwenye ndevu nyeupe, akamkaripia kwa sauti kubwa na kutishia kumuua asipomwonyesha yalipofichwa. Mzee, akiona kwamba huyu angalau ni mtu wa dini, alimfungulia sanduku la chuma. Abate akatia mikono yote miwili, yeye na padri wake, wakajaza makunjo ya kanzu zao, wakarudi melini. Gunteri hasimulii jambo hilo kama aibu. Analisimulia kama baraka iliyoifikia monasteri yake. Mtu akishaweza kuandika hivyo, maana yake ni kwamba yule padri mwenye ndevu nyeupe hakuhesabiwa kuwa padri.

Baada ya uporaji ulikuja mgawo wa vyeo. Mwezi Mei, Baldwini wa Flandasi alitawazwa kuwa Kaisari. Wavenesia wakaingia Hagia Sofia kama mkataba ulivyosema, wakaweka jopo lao la mapadri wa kanisa kuu, na hao wakamchagua Tomaso Morosini, Mvenesia ambaye alikuwa bado shemasi mdogo tu, kuwa Patriaki wa Konstantinopoli.

Papa Inosenti wa Tatu ndiye mtu mgumu kumhukumu katika habari hii, na mimi naamini huruma haitoshi kumtetea. Taarifa za kwanza zilipomfikia mwishoni mwa 1204 alifurahi, akaona ni mkono wa Mungu umeuhamisha ufalme kutoka kwa Wagiriki wasiotii kwenda kwa Walatini watiifu. Kisha, katikati ya 1205, habari kamili zikamfika, pamoja na taarifa kwamba mjumbe wake, Kardinali Petro Kapuano, amewaruhusu askari wasiendelee na safari ya kwenda Yerusalemu. Aliandika barua ya hasira. Aliuliza Kanisa la Wagiriki litarudije kwenye umoja wakati limeona kwa Walatini matendo ya giza tu, hata sasa wana haki ya kuwachukia kuliko mbwa. Alitaja wanawake walionajisiwa, wakiwemo waliowekwa wakfu kwa Mungu, na altare zilizovunjwa. Mgiriki mwenyewe asingeweza kusema zaidi.

Lakini tazama alilotenda. Uchaguzi wa Morosini aliutangaza kuwa batili, kwa kuwa walei hawana mamlaka ya kugawa kiti cha patriaki kwa mkataba. Kisha, kwa mamlaka yake mwenyewe, akamteua mtu yuleyule. Mwezi Machi 1205, ndani ya mwezi mmoja, Morosini alipewa ushemasi, upadri na uaskofu. Alipopitia Venesia kwenda kushika kazi, serikali ya huko ilimtoza kiapo kwamba hatamweka katika jopo la Hagia Sofia mtu yeyote asiye Mvenesia. Papa alikifuta kiapo hicho, na mapadri wa Kifaransa mjini walimkataa patriaki huyo wa Wavenesia, hivyo Walatini wenyewe wakaanza kugombana juu ya kiti walichokipora. Morosini alipofariki mwaka 1211 kiti kilikaa wazi kwa miaka, kwa kuwa hawakuweza kukubaliana ni nani arithi.

Wagiriki walimwona Morosini akiingia. Niketas alieleza uso wake ulionyolewa kabisa, pete kidoleni na glavu za ngozi mkononi, akiwa mnene katika vazi la kubana. Kwa watu ambao kwao askofu ni mzee mwenye ndevu, anayesali kwa Kigiriki, huyo alikuwa mgeni kwa kila kitu. Na huyo ndiye waliyetakiwa kumwekea mikono yao ndani ya mikono yake, kama mtumwa kwa bwana wa shamba wa Ulaya, na kuapa kumtii yeye na Papa.

Mwaka 1206 ilitokea nafasi ambayo kwangu ndiyo saa hasa ya kuvunjika. Kamateros alikuwa amekimbilia Thrakia, Niketas akiwa amemwona barabarani juu ya punda, na kanzu moja tu mwilini. Alifariki katikati ya mwaka huo. Makasisi na watawa wa Kigiriki waliobaki Konstantinopoli sasa hawakuwa na patriaki, wakaomba ruhusa ya kumchagua wao. Hawakuwa wakidai Walatini waondoke. Msemaji wao, Nikolaos Mesarites, alisimama mbele ya Morosini na mbele ya Kardinali Benedikto, mjumbe wa Papa, katika mijadala ya Agosti hadi Oktoba. Kaka yake Nikolaos, mtawa Yohane, alikuwa ameshajibizana na mjumbe wa Papa miaka miwili kabla. Waliandika pia kwa Inosenti. Hoja yao ilikuwa ya watu wa kawaida: tunahitaji mchungaji anayejua lugha yetu na mila zetu, ambaye mtu anaweza kumwungamia siri za moyo wake bila mkalimani. Walikumbusha kwamba kule Antiokia na Yerusalemu jamii hizo mbili zilikuwa zimeshajua kuwa na maaskofu wao wenyewe. Na walikuwa tayari, kwa wakati huo wa kusubiri mtaguso wa kujadili imani, kumtakia Papa maisha marefu kwa sauti mwishoni mwa ibada.

Kama wangekubaliwa, kungekuwa na patriaki wa Kigiriki ndani ya mji uleule, akimtaja Papa kwa heshima, na mabishano ya mkate na kanuni ya imani yakiendelea mezani. Walikataliwa. Patriaki alikuwa ameshapatikana, waliambiwa, naye ni Morosini.

Waliokataliwa wakageukia ng'ambo ya Bosporo. Huko Nikea, mji ambao mtaguso wa kwanza wa Kanisa zima ulifanyika mwaka 325, Theodoro Laskaris alikuwa akijenga dola ya Wagiriki waliokimbia. Mwaka 1208 maaskofu waliokusanyika huko walimchagua Mikaeli Autorianos kuwa Patriaki wa Konstantinopoli, naye akamtawaza Laskaris kuwa Kaisari. Kuanzia siku hiyo palikuwa na watu wawili wenye cheo kimoja, kila mmoja akiwa na maaskofu wake na mapadri wake, na kila mmoja akimwona mwenzake kuwa mwizi. Waraka wa 1054 haukufanya hivyo. Mtu wa kawaida alianza kuulizwa mlangoni mwa kanisa ni wa patriaki yupi.

Mikoani hali ilitofautiana, na tofauti hiyo inafundisha mengi. Athene, askofu mkuu alikuwa Mikaeli Koniates, kaka yake Niketas, msomi aliyekuwa akiendesha ibada ndani ya Parthenoni, hekalu la kale lililokuwa kanisa la Mama wa Mungu. Walatini walipofika alikimbia, akaishi miaka mingi kisiwani Keo, jirani na pwani ya Atika, na mahali pake Parthenoni akawekwa askofu Mlatini aitwaye Berardi. Jirani yake Theodoro, askofu wa Euripos, alichagua kuapa utii kwa Roma na kubaki na watu wake, ila alikataa kupakwa mafuta upya kwa desturi ya Kilatini, kana kwamba uaskofu wake wa zamani haukuwa halali. Berardi akataka kumwondoa. Theodoro akakata rufaa, na Inosenti akamtetea na kumrudishia jimbo. Kwa hiyo Papa alijua kuwa mpole. Aliagiza pia kwamba ibada za Wagiriki zivumiliwe, na kwamba penye Wagiriki watupu awekwe askofu Mgiriki. Sharti moja tu halikulegezwa, nalo ni kiapo. Na kiapo ndicho walichokataa wengi, kwa sababu aliyekipokea alikuwa amekalia kiti cha mtu mwingine.

Upole huo nao haukudumu kila mahali. Mwaka 1213 Papa alimtuma Kardinali Pelagio, mtu mkali, aliyefunga makanisa ya Wagiriki mjini na kuwatia gerezani makasisi na watawa waliokataa kumtaja Papa. Wakuu wa Kigiriki walikwenda kwa Kaisari Henri, mdogo wake Baldwini, wakamwambia kwamba miili yao iko chini yake lakini roho zao haziko, na kama hawawezi kusali kwa imani yao basi awaache waondoke. Henri, Mlatini aliyejua kwamba hawezi kutawala mji mtupu, alifungua makanisa na kuwatoa watu gerezani licha ya Kardinali. Miaka miwili baadaye, Mtaguso wa Nne wa Laterani ulilalamika kwamba Wagiriki wanaziosha altare zilizotumiwa na mapadri wa Kilatini, kana kwamba zimetiwa unajisi, na kwamba wanawabatiza upya watu waliobatizwa na Walatini. Mtaguso uliita jambo hilo kiburi na kuliwekea adhabu. Sina shaka kwamba walikuwa wakiziosha. Ni watu walioona nyumbu wakiingizwa mahali patakatifu, na waliambiwa na waliowaingiza kwamba hao ndio Kanisa la kweli.

Dola ya Kilatini ya Konstantinopoli ilidumu miaka 57. Julai 1261 kikosi kidogo kutoka Nikea kiliingia mjini karibu bila vita, na Patriaki wa Kilatini akakimbia na Kaisari wake. Mikaeli wa Nane Paleologos, aliyeurudisha mji, alijua kwamba Ulaya inaweza kurudi, hasa Karoli wa Anju aliyetawala Napoli na Sisilia. Ili kumkata miguu Karoli aliwatuma wajumbe kwenye Mtaguso wa Lioni mwaka 1274, wakakubali ukuu wa Papa na imani ya Kilatini juu ya Roho Mtakatifu. Kwenye karatasi mpasuko ulikwisha. Nyumbani, watawa, mapadri na hata dada wa Kaisari mwenyewe walikataa. Aliwafunga na kuwapofusha baadhi yao, na bado hakufaulu. Alipofariki mwaka 1282, mwanawe hakuthubutu kumzika kwa heshima za Kanisa, na mapatano ya Lioni yakatupwa.

Mwaka 1339 mtawa Barlaamu wa Kalabria, aliyetumwa na Kaisari kwa Papa huko Avinyo, alilisema wazi. Alimweleza Papa Benedikto wa Kumi na Mbili kwamba kinachowatenga Wagiriki si tofauti ya mafundisho kwanza, bali chuki iliyoingia mioyoni mwao kwa mabaya mengi waliyotendewa na Walatini, na kwamba chuki hiyo isipoondolewa hakuna muungano utakaokubaliwa. Aliomba msaada wa Ulaya uje kwanza, mazungumzo yafuate. Papa alitaka kinyume chake. Mtaguso wa Florensi wa 1439 ulirudia njia ya Lioni na ukaishia palepale: wajumbe walitia saini wakiwa na Waturuki nyuma yao, Marko wa Efeso akakataa, na wananchi wakamfuata Marko.

Kitu kimoja kidogo kiliendelea kuishi muda mrefu ajabu. Roma haikuufuta ule upatriaki wa Kilatini wa Konstantinopoli. Hata baada ya 1261 mapapa waliendelea kuwateua watu wenye cheo hicho, wakiishi mbali na mji huo. Cheo kilifutwa rasmi Januari 1964, mwezi uleule Papa Paulo wa Sita alipokutana na Patriaki Athenagora mjini Yerusalemu. Desemba 1965 wawili hao waliziondoa kumbukumbu za laana za 1054. Mwaka 2001, mjini Athene, Papa Yohane Paulo wa Pili aliutaja uporaji wa Konstantinopoli na kumwomba Mungu msamaha kwa dhambi za Wakatoliki dhidi ya ndugu zao Waorthodoksi. Novemba 2004 aliyarudisha kwa Patriaki Bartolomayo masalia ya Watakatifu Yohane Krisostomu na Gregori wa Nazianzo.

Mazungumzo ya wanateolojia wa pande zote mbili yanaendelea. Mwaka 2007, mjini Ravena, walikubaliana kwamba katika Kanisa la milenia ya kwanza askofu wa Roma alikuwa wa kwanza kati ya mapatriaki. Wakakiri kwamba hawajakubaliana juu ya anachoweza kuwaamuru wenzake, yaani jambo lilelile ambalo makasisi wa Konstantinopoli walitaka lijadiliwe kwenye mtaguso kabla hawajaapishwa.